Segere Matata ndani ya pleilisti: nani anaamua wimbo ni wa aina gani?

Bendi za dansi za Tanzania zilikuwa na desturi iliyomrahisishia kazi mtafiti wa muziki: kila bendi ilijitangazia mtindo wake. Tabora Jazz ya hapa kwetu ilikuwa na Segere Matata, NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, na Western Jazz ilikuwa na Saboso. Majina hayo yalisaidia pia kugombea wateja wa ukumbini, lakini yalitoka kwa wanamuziki na yakakubaliwa na wachezaji. Mwaka 1982 Franco Fabbri, mtafiti wa Italia, aliieleza aina ya muziki kuwa ni kundi la matukio ya kimuziki yanayoongozwa na kanuni zilizokubaliwa na jamii, na mtu aliyekulia kwenye dansi hashangazwi na maelezo hayo.

Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni hupanga kwa njia nyingine. Algoriti huanza kwa kuangalia ni nyimbo zipi huwekwa na watu katika pleilisti moja, kisha hupima ukaribu wake. Tuchukue mfano wa kubuni. Wimbo wa Tabora Jazz umo katika pleilisti 20, na wimbo wa rumba ya Kongo nao umo katika 20, huku pleilisti 10 zikiwa na nyimbo zote mbili. Jumla ya pleilisti zenye wimbo mmojawapo ni 30, kwa hiyo ukaribu ni 10 kwa 30, yaani theluthi moja. Sasa tulete wimbo wa bendi nyingine ya Tabora ya miaka ileile, ambao umo katika pleilisti 4 tu, na katika moja kati ya hizo umekutana na ule wa Tabora Jazz. Hapo ukaribu ni 1 kwa 23. Kwa hesabu hii Tabora Jazz ni jirani wa Kinshasa kuliko jirani wa mtaa wa pili, ingawa hakuna aliyelinganisha magitaa wala kumuuliza mchezaji. Tofauti kubwa imeletwa na uchache wa pleilisti za ile bendi ya pili, na msomaji wa matokeo asipozitazama hesabu za chini atadhani amegundua jambo kuhusu muziki.

Mashine husikiliza sauti pia, ikipima mwendo na nguvu ya wimbo, na Spotify iliimarisha uwezo huo ilipoinunua kampuni ya The Echo Nest mwaka 2014. Kutokana na takwimu hizo Glenn McDonald, mhandisi wa The Echo Nest, alichora ramani ya Every Noise at Once, ambayo ilifikia aina zaidi ya 6,000. Nyingi kati ya hizo ni makundi ya wasikilizaji yaliyopewa majina baadaye, na msanii aliyewekwa humo huenda hajawahi kulisikia jina la kundi lake. Kwa kuwa lebo hizo hubandikwa kwa msanii na si kwa kila wimbo, anayeimba singeli leo na kwaya kesho hubaki na lebo zilezile kwa kazi zote mbili.

Kisha kuna usikilizaji usioacha alama yoyote mtandaoni. Katika vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi, mteja huchagua folda zenye majina kama Zilipendwa, Kwaya, Singeli au Nyimbo za Asili, na muuzaji ndiye aliyeamua kipi kikae wapi. Kwa maoni yangu folda hizo ni ushahidi mzuri kuliko pleilisti nyingi, kwani zinaonyesha aina za muziki jinsi wanunuzi wanavyoziulizia kwa mdomo.

Hali hii imebadilisha namna ya kufanya utafiti. Zamani mtafiti aliuliza wimbo una sifa gani, lakini sasa huuliza pia nani aliuweka hapo, lini, na kwa akaunti ipi, kwa sababu mapendekezo hutofautiana kati ya msikilizaji mmoja na mwingine na hubadilika bila taarifa. Njia inayofaa ni kufungua akaunti mpya, kuanza na wimbo mmoja, kuandika nyimbo zinazofuata pamoja na tarehe, na kurudia zoezi hilo kwa akaunti nyingine. Mwaka wa wimbo nao uhakikiwe kwingine, maana rekodi ya miaka ya 1970 iliyotolewa upya huonekana mara nyingi kwa mwaka wa toleo jipya, na kwa kosa hilo Segere Matata huweza kuhesabiwa kuwa muziki wa karne hii. Kuandika kwa mkono kumezidi kuwa muhimu tangu Novemba 2024, Spotify ilipowafungia watengenezaji wa programu mpya vipimo vya sauti na orodha za wasanii wanaofanana, ambavyo watafiti wengi walikuwa wakivitegemea.