Maneno 40,000 hayaifanyi novela kuwa riwaya

Mwalimu mmoja wa Kondoa alikuja kwangu hapa Dodoma na bahasha mbili za kaki. Katika ya kwanza kulikuwa na mswada wa maneno 24,000. Katika ya pili kulikuwa na kazi ileile, ila sasa imefika maneno 41,000. "Dada, mchapishaji ameniambia niifikishe 40,000 ndipo iwe riwaya," alisema. "Nimeongeza miezi minne, na sasa mimi mwenyewe siipendi." Huyo ni mwandishi wa tatu mwaka huu kunijia na agizo hilohilo. Nimehariri miswada ya bunilizi kwa muda wa kutosha kujua kwamba agizo hilo linaharibu kazi nzuri, na nimechoka kulisikia likitolewa kana kwamba ni kanuni ya fasihi.

Nianze na mahali ilikotoka hiyo 40,000. Inatajwa sana kwa sababu ya tuzo za bunilizi za kisayansi zilizoanzia Marekani, hasa Nebula na Hugo, ambazo hugawa kazi zinazoshindanishwa kwa idadi ya maneno: chini ya 7,500 ni hadithi fupi, kuanzia 7,500 hadi kabla ya 17,500 ni daraja la kati ambalo Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka, kuanzia 17,500 hadi kabla ya 40,000 ni novela, na kuanzia 40,000 ni riwaya. Mipaka hiyo iliwekwa ili wapiga kura wasilinganishe kazi ya kurasa 20 na kazi ya kurasa 300. Haikuwekwa ili kumwambia mwandishi wa Kondoa namna ya kusimulia, wala haikupimwa kwa Kiswahili.

Hilo la Kiswahili linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hata wahariri wenzangu hulipita. Chukua sentensi hii: "Aliyemletea hatukumwona." Ni maneno mawili. Mwingereza akitaka kusema hayohayo atahitaji maneno kumi hivi, kwa sababu nafsi, njeo, urejeshi na mtendwa, ambavyo sisi tunavibeba ndani ya kitenzi kimoja, yeye huviandika kila kimoja peke yake. Si kila sentensi ina tofauti kubwa namna hiyo, lakini katika kitabu kizima tofauti inaonekana. Ndiyo maana mimi huhesabu herufi pamoja na nafasi, wala sitegemei maneno peke yake. Mswada mfupi wa mwalimu ulikuwa na herufi zipatazo 150,000, yaani kama 6.3 kwa kila neno. Bunilizi ya Kiingereza yenye maneno 40,000 huwa na herufi zinazokaribia 220,000. Ukigawanya hizo kwa 6.3 utaona kwamba ule mpaka wa 40,000, ukiuhamishia kwenye Kiswahili kwa haki, unashuka hadi karibu 35,000. Kazi ya mwalimu bado ni novela kwa kipimo hicho, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ninachokataa ni mtu kuvaa kipimo cha mwili wa mwingine kisha akalazimika kunenepa ili kimtoshe.

Sasa nirudi kwa mchapishaji, maana naye ana sababu zake, na ni sababu za kweli hata kama hakuzieleza. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hupigwa chapa kurasa nane upande huu na nane upande wa pili, kisha hukunjwa mara tatu na kuwa fungu la kurasa 16. Kitabu ni mafungu hayo yaliyopangwa na kubandikwa kwa gundi. Katika ukubwa wa A5, kwa herufi za pointi 11, ukurasa hubeba maneno kama 300 ya Kiswahili. Maneno 24,000 basi yanachukua kurasa 80. Ongeza kurasa sita za mwanzo, yaani jina, haki za uchapaji, tabaruku na yaliyomo, unapata 86. Mafungu matano ni kurasa 80, hayatoshi. Mafungu sita ni 96, na kurasa kumi zinabaki nyeupe.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kurasa 96 ni karatasi 48, kwa hiyo mgongo wa kitabu unakuwa na unene usiofika milimita 5. Jaribu kuandika jina la kitabu na la mwandishi kwenye ukanda huo, halafu kisimamishe rafuni kati ya vitabu vingine: hakionekani. Mswada wa pili, ule wa maneno 41,000, unatoa kurasa 137, na pamoja na zile sita ni 143, ambazo zinaingia katika mafungu tisa ya kurasa 144 na kubakiza ukurasa mmoja tu. Mgongo wake unapita milimita 7 na unasomeka. Hiyo ndiyo "riwaya" ambayo mchapishaji alikuwa anaiona kichwani.

Na kuna bei. Jalada la kitabu chembamba huchorwa kwa gharama ileile ya jalada la kitabu kinene. Upangaji wa kurasa na maandalizi ya mashine hayapungui kwa kiasi kile kurasa zinavyopungua. Lakini msomaji akikishika kitabu chembamba anataka kukilipia kidogo. Tuseme kile kinene kinauzwa shilingi 12,000 na kile chembamba 7,000. Mrabaha ukiwa asilimia 10, mwandishi anapata 1,200 kwa kila nakala ya kile kinene na 700 kwa kila nakala ya kile chembamba, huku mchapishaji akiwa ametumia karibu fedha ileile kabla ya nakala hata moja kutoka. Kwa hiyo agizo la kurefusha ni la hesabu. Laiti angesema hivyo waziwazi, mwalimu angejua kwamba tatizo ni unene wa kitabu na angelitafutia dawa nyingine, badala ya kuamini kwamba hadithi yake ina kasoro.

Ile miezi minne ya kuongeza ilifanya nini? Niliisoma miswada yote miwili siku tatu, mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto. Hadithi ni ya mjane anayegombea shamba la mizabibu na shemeji yake, kuanzia siku ya arobaini hadi mavuno. Ni mgogoro mmoja, mahali pamoja, msimu mmoja, na kila sura inamsogeza mama yule hatua moja kuelekea siku ya kupima zabibu. Katika mswada mrefu ameingia binamu anayefunga ndoa katika sura ya saba, anacheza kurasa kumi na moja, kisha hatajwi tena. Tukio la kukatwa kwa mizabibu usiku tunaliona likitendeka, halafu mjane anamsimulia dada yake, halafu dada anamsimulia mwenyekiti wa kijiji, na mara zote tatu hakuna jipya tunalolipata. Hizo ndizo dalili ninazozitafuta ninaposhuku kazi imevimbishwa: mhusika anayeweza kuondolewa bila mtu mwingine yeyote kumkosa, na habari ambayo msomaji anaijua tayari ikipelekwa tena kwa mtu wa ndani ya hadithi.

Riwaya haivimbi hivyo, kwa sababu urefu wake unadaiwa na nyuzi zake. Kama shemeji naye angekuwa na deni lake mjini, binti yake akawa na siri yake shuleni, na nyuzi hizo tatu zikasokotana, maneno 60,000 yangejaa bila kusukumwa. Lakini lazima nikiri kwamba kipimo hiki cha nyuzi kinanisaliti mara kwa mara. Nimewahi kuhariri kazi ya maneno 18,000 yenye vizazi vitatu na nyuzi nne, na nilishindwa kuiita novela kwa moyo mweupe. Mwishowe niliandika tu "bunilizi" kwenye ripoti yangu. Sidhani kuwa mpaka huo upo mahali pamoja panapoweza kuchorwa mstari.

Kwetu suala linazidi kuwa gumu kwa sababu ya shule, ambazo ndizo mnunuzi mkubwa. Kwa miaka mingi orodha ya fasihi ya Kidato cha Nne imekuwa na makundi matatu: Ushairi, Riwaya na Tamthiliya. Novela haikuwa na kundi lake, hivyo wachapishaji huandika "riwaya" kwenye jalada hata kama kitabu kina kurasa 90, na wanafunzi wanakua bila kulisikia neno novela nje ya darasa la nadharia. Diwani ya hadithi fupi ina hali ngumu zaidi katika orodha ya namna hiyo. Kenya wamekuwa wakiziteua diwani kwa ajili ya mitihani, na huko ndiko ulikokomaa mtindo wa kukipa kitabu jina la hadithi moja yenye mvuto na kuongeza "na Hadithi Nyingine".

Diwani yenyewe inashughulikiwa kwa namna ya pekee. Hadithi tisa za maneno 3,000 kila moja ni maneno 27,000, karibu sawa na novela ya mwalimu, lakini mhariri ana mianzo tisa na miisho tisa ya kushughulikia. Kabla ya hapo atauliza kama kuna hadithi iliyowahi kutoka gazetini na nani anamiliki haki zake, maana jibu lisipokuwepo kwa maandishi kitabu kizima kinasimama. Hadithi zikiwa za waandishi tofauti, kila mmoja ana mkataba wake, na kwa kuwa mrabaha ukigawanywa kwa watu tisa hauleti kitu, mara nyingi wanalipwa mara moja tu.

Nilipomwuliza mwalimu kama ana kazi nyingine, alitoa kwenye mkoba daftari lenye hadithi fupi tano. Tulizihesabu pamoja pale mezani: maneno 17,000. Ukizijumlisha na novela isiyovimbishwa unapata 41,000, yaani kurasa zilezile 144 na mgongo uleule unaosomeka, bila binamu wala harusi yake. Novela itangulie, hadithi zifuate, na kitabu kibebe jina la novela.

Ushauri huo niliutoa kwa imani, lakini nilimweleza pia hasara yake: kitabu cha namna hiyo hakiingii kwenye kundi la Riwaya, na mwalimu mwenzake anayenunulia shule atakirudisha rafuni. Mswada uliovimba ungeingia. Alikaa kimya akifungua na kufunga ile bahasha ya pili.

"Kwenye ukurasa wa ndani," aliniuliza hatimaye, "tunaweza kuandika novela?"

Nilimwambia tunaweza. Akaniachia bahasha ya kwanza na daftari, ile ya pili akarudi nayo Kondoa.