Kabla Hujaongeza Seti za Kifua, Hesabu za Triseps

"Kocha, kifua kimegoma kukua. Niongeze seti ngapi?"

Swali hili limenichosha, kwa sababu anayeuliza keshajipa jibu: ataongeza tu. Jimu za Nairobi zimejaa watu wanaoamini kwamba msuli usiokua unadai kazi zaidi. Mara nyingi hata ile kazi ya wiki iliyopita haujaimaliza kuipona.

Hesabu ya msingi ni fupi. Anayeanza hukua hata kwa seti 6 za kila msuli kwa wiki. Aliyezoea vyuma aanze na 10 hadi 12, azigawe siku mbili, na wengi hawatahitaji kuvuka 20. Seti inayohesabiwa ni ile uliyoiacha ukiwa umebakiza marudio matatu au pungufu kabla ya misuli kukataa. Za kupasha moto hazimo. Ile uliyopiga huku ukisoma simu pia haimo.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Watu huhesabu zoezi kwa jina lake. Benchi presi ni ya kifua, basi inaandikwa kifua peke yake, kana kwamba viwiko hunyooka kwa maombi. Kila seti ya kusukuma inafanyisha kazi triseps, misuli ya nyuma ya mkono inayonyoosha kiwiko, na bega la mbele pia. Mimi huihesabu nusu seti kwa kila msuli unaosaidia. Hiyo nusu ni makadirio, nakiri. Mwenye mikono mirefu au anayeshika chuma kwa karibu huenda triseps zake zinabeba zaidi. Lakini nusu isiyo kamili ni afadhali kuliko sifuri ya uongo.

Chukua mtu anayefanya hivi. Jumatatu: benchi presi seti 4, benchi ya mwinuko 3, dipsi 3. Alhamisi: benchi presi 4, dambeli za mwinuko 4, kisha flai 4. Seti za kusukuma ni 18, na ukiongeza flai, kifua kina 22. Triseps anazipiga peke yake seti 12, na ukimuuliza atakwambia "triseps ni 12 tu, kocha". Ongeza nusu ya zile 18, yaani 9. Triseps zake zina seti 21, na hakuna aliyepanga hivyo.

Daftari lake litakuonyesha. Kilo 80, seti ya kwanza ya benchi, kila Jumatatu: marudio 8, 9, 8, kisha 6. Kifua hakiumi hata kidogo, ndiyo maana anadhani hakijafanya kazi ya kutosha. Tazama lakini pale anapokwama: chuma kinatoka kifuani vizuri, kinagoma katikati kuelekea juu, pale viwiko vinapotakiwa kunyooka. Triseps zimefika zikiwa zimechoka. Maumivu ya misuli ni kipimo kibovu cha kupona. Linganisha marudio, kwa uzito uleule na mapumziko yaleyale ya dakika tatu. Siku moja mbaya ipuuze. Vipindi viwili mfululizo vya kushuka, hapo punguza.

Na usipunguze kila kitu. Miguu na mgongo vikiendelea vizuri, viache. Kwa huyu, toa dipsi zote, toa seti moja ya benchi kila siku, na moja ya dambeli Alhamisi. Kusukuma kunabaki 12. Flai zibaki 4, kwa kuwa hazihitaji triseps kunyoosha kiwiko. Kifua sasa kina 16. Triseps za peke yake zishuke hadi 4, na pamoja na nusu ya 12 zinakuwa 10. Uzito usiguse. Marudio yakirudi 8 au 9 ndani ya wiki mbili, tatizo lilikuwa hapo.

Yasiporudi, na mazoezi mengine pia yanashuka, basi si suala la triseps. Anayetoka Rongai saa kumi na nusu alfajiri kukwepa foleni ya Magadi Road, akalala saa sita usiku, hana mwili wa kupona seti 20 za chochote. Mpe wiki moja ya nusu ya seti, uzito uleule, aache marudio manne kabla ya kushindwa. Kisha arudi na seti 10 kwa kila msuli, si 16, mpaka usingizi ubadilike. Hilo hukasirisha watu kuliko yote, kwa sababu haliuzwi kwenye kopo.

Kuongeza kupo, ila kuna wakati wake: marudio yamesimama palepale wiki tatu au nne, hayashuki, viungo haviumi, na unafika jimu ukiwa na nguvu. Hapo ongeza seti mbili kwa wiki, kwa msuli mmoja, na uziweke kwenye zoezi lisilotegemea msuli mwingine uliokwisha kujaa. Kwa kifua cha huyu bwana, hizo ni flai.