Thamani iliyo hatarini si kikomo cha hasara

Malalamiko yanayotufikia sisi wasimamizi wa sekta ya fedha siku hizi yanafanana. Mwekezaji amesoma kwenye ripoti ya kampuni kwamba "thamani iliyo hatarini ni 36,000", kisha kampuni ikapata hasara ya mamilioni, naye anahisi alidanganywa. Mara nyingi hakudanganywa. Namba aliisoma sawasawa, ila aliipa maana ambayo haijawahi kuwa nayo.

Tuchukue mfano. Kampuni inashikilia yuro milioni 10 zilizonunuliwa kwa faranga za Uswisi, mwanzoni mwa Januari 2015. Yuro moja ni faranga 1.20, kwa hiyo mali hiyo ni faranga milioni 12. Mchambuzi anachukua mabadiliko ya bei ya siku 250 zilizopita, anayapanga kuanzia baya zaidi, kisha anasoma la tatu kwa ubaya. Tuseme ni hasara ya asilimia 0.3, yaani faranga 36,000. Hiyo ndiyo thamani iliyo hatarini kwa siku moja, kwa kiwango cha asilimia 99. Maana yake ni kwamba katika siku 99 kati ya 100 hasara haitarajiwi kuzidi hapo. Kuhusu siku ile moja iliyobaki, namba haisemi lolote. Inaonyesha mlango wa siku mbaya unapoanzia. Kina cha shimo lililo nyuma ya mlango haikijui. Tunalazimika kulirudia hili kila mwaka, hata kwa wajumbe wa bodi ambao wangepaswa kulijua.

Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kuacha kiwango cha chini cha faranga 1.20 kwa yuro ilichokuwa ikikilinda tangu Septemba 2011. Ndani ya dakika chache yuro ilishuka hadi chini ya faranga 1. Hata tukihesabu kwa bei ya faranga 1 tu, kampuni yetu imepoteza faranga milioni 2, zaidi ya mara 55 ya makadirio. Siku hiyo madalali kadhaa halisi wa fedha za kigeni walizidiwa na madeni ya wateja wao. Alpari ya Uingereza ilifilisika.

Hesabu ya mchambuzi haikuwa na kosa. Siku zake 250 zote zilitoka katika kipindi ambacho benki kuu ilikuwa ikizuia bei isishuke, na utulivu huo wa kulindwa ukasomeka kama usalama. Kuongeza data hadi miaka 3 kusingesaidia, kwa kuwa kuanzia 2012 hadi 2014 ulinzi ulikuwapo muda wote.

Wengine hujitetea kwamba makadirio yao yamepita ukaguzi. Basi tueleze ukaguzi huo. Chini ya kanuni za 1996 za Kamati ya Basel, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya usimamizi wa benki, hasara za siku 250 hulinganishwa na makadirio ya kila siku. Makadirio yakizidiwa mara 0 hadi 4, benki iko ukanda wa kijani na kizidisho cha mtaji, yaani namba ambayo makadirio huzidishwa nayo kupata mtaji ambao benki lazima iwe nao, hubaki 3. Mara 5 hadi 9 ni ukanda wa njano, ambako kizidisho huanzia 3.40 na kupanda kwa kila nyongeza. Mara 10 na zaidi ni ukanda mwekundu, na kizidisho ni 4. Adhabu hii ni ya kweli na tunaitekeleza. Lakini inahesabu mara ngapi makadirio yamezidiwa. Haipimi yamezidiwa kwa kiasi gani. Ile hasara ya faranga milioni 2 inaandikwa kama tukio moja. Kwa hesabu hii kampuni inaweza kufilisika ikiwa bado ukanda wa kijani.

Ndiyo maana tunadai jaribio la msukosuko liambatane na namba hiyo. Jaribio haliulizi uwezekano. Linachukua tukio fulani, linabadilisha bei, na kuhesabu hasara. Hapa swali lilikuwa jepesi: ulinzi wa benki kuu ukiondoka, bei itakwenda wapi? Agosti 2011, mwezi mmoja kabla ya ulinzi kuanza, yuro ilikaribia faranga 1. Mtu yeyote aliyefungua kumbukumbu za bei angepata hasara ya karibu milioni 2 kabla haijatokea.

Jaribio nalo lina udhaifu wake: hupima tu kile ambacho mtu amethubutu kukifikiria, na wakubwa hupenda kulainisha matukio yanayotoa majibu wasiyoyataka. Kwa hiyo tunaomba hesabu ifanywe pia kinyumenyume. Ikiwa mtaji wa kampuni hii ni faranga milioni 1.5, gawanya kwa yuro milioni 10: anguko la faranga 0.15 linaumaliza wote. Kutoka 1.20, hiyo ni bei ya 1.05. Bodi sasa inabaki na swali moja la kujibu kwa maandishi: kama 1.05 imewahi kuonekana, na kama kinachoizuia isirudi ni soko au ni uamuzi wa taasisi moja unaoweza kubatilishwa asubuhi moja.