Kutafuta mahali pa maumivu kwa mtoto mchanga

Kutafuta mahali pa maumivu ni kujua ni sehemu gani hasa ya mwili inayomuuma mtoto ambaye bado hajui kusema. Mkubwa ukimuuliza anakuonyesha. Mtoto wa miezi minane ana kilio tu, na mkono unaokwenda unakotaka. Wengi huuchukulia mkono huo kama jibu, na hapo ndipo wanapopotea. Mkono unakuambia uanzie wapi kutazama. Jibu lenyewe utalipata ukijua ni kitendo gani kinachobadilisha kilio.

Sikio hudanganya sana. Watoto wengi huanza kuchezea masikio wakiwa na miezi minne hadi sita, na wengine huyavuta kila wanaposinzia. Anayevuta sikio lakini hana homa, ananyonya na kulala kama kawaida, mara nyingi sikio lake ni zima. Anayeumwa sikio la ndani ya ngoma kwa kawaida alishikwa na mafua siku chache kabla. Mtazame akinyonya: anadaka chuchu kwa njaa, anameza mara mbili tatu, anaachia na kulia. Kumeza kunabadilisha mgandamizo wa hewa sikioni, na ngoma iliyovimba inavutwa. Akilazwa chali kilio huzidi. Usaha ukitoka ananyamaza ghafla na watu wakadhani amepona, kumbe ngoma imetoboka na mgandamizo ndio uliopungua. Bado anahitaji kutibiwa. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa miguu, swali la kwanza ni moja au yote miwili. Anayekunja yote miwili kuelekea tumboni kwa kawaida anaumwa tumbo. Kilio kikija kwa vipindi, akawa mweupe na kulegea katikati ya vipindi, au akatapika, huenda utumbo umeingia ndani ya utumbo, na hilo halingoji kesho.

Mguu mmoja una mambo mengi zaidi. Chukua mtoto wa miezi minane anayelia tangu asubuhi na kuuvuta mguu wa kushoto. Mvue vyote, soksi na nepi pia, umpakate kwenye mapaja ya mama, kisha usimguse kwa dakika mbili. Mguu wa kulia unarusha mateke. Wa kushoto umetulia, goti limekunjwa na paja limegeukia nje. Tayari una habari kubwa: mtoto anaulinda mguu huo.

Sasa angalia vidole kimoja kimoja. Unywele au uzi wa soksi ukijifunga kwenye kidole, kidole huwa chekundu na kuvimba, na uzi wenyewe huzama kwenye mkunjo wa ngozi usionekane kwa haraka. Tazama paja, kama amechomwa sindano ya chanjo hivi karibuni, na kinena, kama kuna uvimbe wa ngiri. Kwa mvulana angalia na korodani.

Ndipo uguse, mikono ikiwa na joto. Anza na mguu usiouma, ujue analiaje anapoguswa tu. Kisha mguu wenye shaka, kutoka vidoleni kwenda juu: kifundo, muundi, goti, paja. Macho yako yawe usoni pake, si mguuni. Mtoto wetu hakujali chochote mpaka paja lilipozungushwa taratibu kuelekea ndani. Hapo uso ulikunjamana na kilio kikapanda. Mama naye anasema kila akimwinua miguu kubadilisha nepi, hupiga yowe. Tatizo liko nyongani, na mkao ule wa kugeuzia paja nje sasa unaeleweka: ndio unaoacha nafasi kubwa zaidi kwa majimaji yaliyojaa kwenye kiungo.

Akiwa na homa juu ya hayo, mchukulie kuwa ana usaha kwenye nyonga mpaka vipimo vikatae. Usaha hula gegedu la kiungo, kwa hiyo aende hospitali leo, asikandwe wala kunyooshwa. Kwa watoto wadogo sana homa inaweza isiwepo, na kukosekana kwake kusikutulize. Kama angelia muundi ulipobonyezwa, ungefikiria mfupa uliovunjika, hata kama hakuna aliyemwona akianguka.

Njia hii hushindwa mtoto akiwa tayari analia kwa nguvu zake zote, kwa kuwa kilio hakina tena pa kupanda. Mnyonyeshe kwanza, umpime akiwa kwenye titi. Jambo jingine la kuwa nalo macho ni goti: mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inashirikiana, kwa hiyo maumivu ya nyonga huweza kuonekana kana kwamba yako gotini. Ukiona goti ndilo linalosumbuliwa na halina uvimbe wala joto, rudi ukaizungushe nyonga.