"Ijumaa ijayo" ni ipi, na mwezi huisha lini?

Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, mfasiri anamwandikia mteja wake: "Kazi utaipata Ijumaa ijayo. Malipo naomba yawe yamefika mwisho wa mwezi." Hakuna neno gumu hapo, na kila mmoja wao ataamini ameelewa. Lakini Ijumaa ijayo inaweza kuwa tarehe 22, yaani siku mbili mbele, au tarehe 29, yaani siku tisa mbele. Mwisho wa mwezi nao una tarehe zaidi ya moja.

Maneno ya namna hii tunaweza kuyaita tarehe tegemezi. Hayana maana kamili mpaka uyafunge kwenye siku ambayo yalisemwa. "Kesho" pia ni tarehe tegemezi, lakini haigombanishi watu kwa sababu kanuni yake ni moja tu: siku inayofuata leo. "Ijumaa ijayo" ina kanuni mbili, na zote zinatumika.

Kuna wanaohesabu siku. Kwao Ijumaa ijayo ni Ijumaa ya kwanza itakayofika kuanzia sasa, basi. Wengine wanahesabu wiki: Ijumaa ya wiki hii ni "Ijumaa hii", na "Ijumaa ijayo" ni ile ya wiki inayofuata. Hakuna upande unaokosea Kiswahili. Hata kompyuta imelazimika kuchagua: programu ya `date` ya GNU, ukiipa maneno `next friday` siku ya Jumatano, itakupa Ijumaa ya keshokutwa, kwa kuwa inahesabu siku.

Utata huu haulingani siku zote za wiki, na hapo ndipo msikilizaji makini anapopata msaada. Tuseme mfasiri wetu angeandika Alhamisi tarehe 21. Ijumaa iliyo karibu ingekuwa kesho, na mtu anayekusudia kesho husema "kesho". Kwa kuwa ameliacha neno hilo jepesi akatumia jina la siku, kuna uwezekano mkubwa kwamba anakusudia tarehe 29. Jumatano hoja hiyo bado ipo, ila imepungua nguvu: angeweza kusema "keshokutwa", lakini wengi hupenda kutaja jina la siku hata hivyo. Jumatatu na Jumanne ndizo siku za hatari zaidi. Siku ya tatu kutoka leo ina jina lake, mtondo, ila wanaolitumia ni wachache, kwa hiyo kutotumika kwake hakukuambii lolote. Likisemwa Ijumaa yenyewe, jambo linakuwa rahisi tena: leo haihesabiwi, nayo inayobaki ni ya siku saba mbele.

Mwisho wa wiki huleta tatizo jingine. Jumapili tarehe 24 mtu akisema "Jumatano ya wiki ijayo", je, ni tarehe 27 au tarehe 3 Septemba? Inategemea kama kwake wiki mpya imeshaanza. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, huanza wiki Jumatatu, lakini kalenda nyingi za ukutani huanza Jumapili. Kwa hiyo hata "ya wiki ijayo", ambayo siku za katikati ya wiki humaliza ubishi, Jumapili hutikisika.

"Jumatatu hii" ina kasoro yake: inaweza kuangalia nyuma. Alhamisi mtu akisema "mkutano wa Jumatatu hii", huenda ni ule uliokwisha kufanyika. Kwa kawaida kitenzi hutuokoa, maana "tulikutana" na "tutakutana" havichanganyiki. Hatari iko kwenye vichwa vya habari na orodha za kazi, ambako kitenzi huachwa. "Jumatatu hii inayokuja" huondoa shaka kuhusu upande, na kwa kuwa watu karibu wote huielewa kuwa ile ya karibu, ni salama kuliko "Jumatatu ijayo".

Turudi kwenye malipo. Agosti 2025 inaisha tarehe 31, ambayo ni Jumapili. Mteja anayefuata kalenda atasema ana muda mpaka siku hiyo. Mhasibu atasema mwezi wa kazi unaisha Ijumaa tarehe 29, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya mwisho ya ofisi kuwa wazi. Wa tatu atasema siku ya malipo ikiangukia mapumziko husogezwa mbele, hivyo ni Jumatatu tarehe 1 Septemba. Mikataba mingi ya fedha huandika kanuni mahususi kwa hali hii: siku husogezwa mbele hadi siku ya kazi inayofuata, isipokuwa kama kufanya hivyo kunaivusha kwenye mwezi mwingine, ndipo inarudishwa nyuma. Kwa kanuni hiyo jibu ni tarehe 29. Ila pasipo kanuni iliyoandikwa, hakuna wa kumlaumu aliyelipa Jumatatu. Tena kuna wale ambao kwao "mwisho wa mwezi" si siku bali ni kipindi, siku chache za mwisho zisizo na mpaka. Mtu akikuahidi hivyo kwa mdomo, mara nyingi hajachagua tarehe yoyote, na njia pekee ni kumwomba achague.

Namna ya kuomba ina uzito. Ukiuliza "Ijumaa ipi?" unaweza kujibiwa "hii ijayo", ukabaki pale pale. Afadhali mteja ajibu kwa tarehe: "Nimeelewa kazi inakuja Ijumaa tarehe 29 Agosti. Kama ulikusudia tarehe 22, naomba unijulishe leo." Mwandishi mwenyewe naye aandike siku na tarehe pamoja, kwa kuwa kila moja hukagua nyenzake. Akikosea akaandika "Ijumaa tarehe 28", msomaji ataona haviendani, kwa sababu tarehe 28 ni Alhamisi, naye atauliza. Angeandika "tarehe 28" peke yake, kosa lingepita bila kuonekana.

Pengine huwezi kuuliza. Kama wewe ndiye unayepaswa kukabidhi kitu, shika tarehe ya mapema. Kukabidhi tarehe 22 kilichosubiriwa tarehe 29 mara nyingi hakumuumizi mtu. Kama wewe ndiye unayesubiri, usimtuhumu mwenzako kwa kuchelewa kabla tarehe ya mbali haijapita. Kanuni hii haifanyi kazi kwenye miadi. Kufika wiki moja kabla ni sawa na kutofika, kwa hiyo miadi iliyotajwa kwa "Ijumaa ijayo" lazima ithibitishwe, au siku zote mbili ziachwe wazi.

Na ukimpelekea mtu mwingine ujumbe wa namna hii, usiunakili ulivyo. Maneno "Ijumaa ijayo" ya Jumatano tarehe 20, yakisomwa na mtu wa tatu Jumatatu tarehe 25, kwake yatakuwa tarehe 29 au tarehe 5 Septemba, na ile tarehe 22 ambayo huenda ndiyo iliyokusudiwa haitamjia kabisa. Badilisha maneno yawe tarehe pale unapoyapokea, wakati bado unajua yaliandikwa siku gani na bado unaweza kumfikia aliyeyaandika.