Wilaya yetu inapata shilingi ngapi toka Hazina? Tusahihishe kwanza haya

Juzi kwenye feri ya Kamanga mama mmoja muuza dagaa alikuwa anasema serikali inakata asilimia fulani ya kodi zote halafu kila wilaya inagawiwa chake, sasa ya Sengerema inaliwa wapi? Watu wakaitikia. Mimi nikasema hapana mama, hiyo ni ya Kenya, kule katiba inasema kaunti zipate angalau asilimia 15. Katiba yetu haina asilimia ya namna hiyo, kila mwaka Bunge linapitisha ruzuku upya, na mwaka wenyewe wa fedha unaanza Julai 1.

Dhana nyingine ni kwamba hela inakuja "wilayani". Inakuja kwa halmashauri, na hapo Sengerema ndo watu wanapotea, maana wilaya ni moja ila halmashauri ni mbili, Sengerema na Buchosa. Ukisoma moja tu utasema tumepunjwa, na ukilinganisha na miaka ya nyuma kabla Buchosa haijamegwa utaona kama hela imeporomoka kumbe imegawanyika.

Pia msidhani mkurugenzi anakaa na hizo bilioni zote mkononi. Sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara ya walimu, manesi na watumishi wengine, na Hazina inawalipa moja kwa moja kwenye akaunti zao. Barabara za wilaya ziko TARURA, maji vijijini yako RUWASA, kwahiyo hayo usiyatafute kwenye vitabu vya halmashauri, hutayaona.

Sasa kuzipata. Ingia mof.go.tz, tafuta vitabu vya bajeti vya mwaka unaotaka. Mkoa wa Mwanza ni Fungu 81. Volume III ina mishahara na matumizi mengineyo ya mikoa na halmashauri zake, Volume IV ina miradi ya maendeleo. Shuka kwenye Fungu 81 mpaka jina la halmashauri, andika mishahara peke yake, matumizi mengineyo peke yake, maendeleo peke yake, halafu rudia kwa Buchosa ndo ujumlishe. Ushuru wa dagaa pale mwaloni usiuchanganye humo, hayo ni mapato ya ndani.

Ila hapo bado una kilichopangwa tu, na hili ndo kosa linaloniuma zaidi maana hata kwenye vikao watu wanagombana kwa namba za bajeti wakidhani ni hela iliyofika. Iliyofika iko kwenye ripoti ya CAG ya serikali za mitaa, nao.go.tz, nenda viambatisho vya nyuma uangalie safu ya iliyoidhinishwa na safu ya iliyopokelewa. Angalia mwaka vizuri, ripoti iliyotoka Aprili 2025 inaongelea 2023/24, usiiweke pembeni ya bajeti ya 2024/25.

Kama huna bando la kushusha mafaili makubwa, nenda kikao cha baraza la madiwani cha robo mwaka, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, na taarifa ya mapato na matumizi inasomwa humo.