Kivuli cha Maka Kwenye Ubao: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu kaokota maka mezani bila kusoma ilichoandikwa, akajaza ubao mweupe ratiba ya wiki mbili. Siku ya kufuta, dasta inapita juu ya maandishi na hakuna herufi hata moja inayotikisika. Hapo kila mtu ana dawa yake. Nimesafisha mbao za madarasa miaka mingi, na nyingi nilizoziona zikitupwa hazikuharibiwa na maka. Ziliharibiwa na kile kilichotumika kuitoa.

"Maka ya kudumu haitoki tena"

Inatoka. Wino wa maka ya kudumu na ule wa kalamu ya ubao mweupe vina rangi, na vyote kwa kawaida vimeyeyushwa ndani ya spiriti inayokauka upesi. Kinachozitofautisha wino hizi mbili ni kinachobaki baada ya spiriti kukauka. Maka ya kudumu huacha utomvu unaoigandisha rangi kama gundi. Kalamu ya ubao huacha utelezi kidogo wa mafuta, ndiyo maana rangi yake hukaa juu juu na kufutika kwa dasta kavu. Kwa hiyo neno "kudumu" linahusu maji tu: maji hayauyeyushi ule utomvu, lakini spiriti huuyeyusha.

Ile ratiba ya wiki mbili ilikuwa ya buluu, na ubao ulikuwa wa kawaida wenye tabaka la plastiki ngumu juu ya mbao zilizoshindiliwa. Nilitumia spiriti ya dukani ya asilimia 70 na vitambaa vinne vyeupe vya pamba. Madirisha wazi, moto mbali, kwa sababu mvuke wake unawaka. Spiriti naimimina kwenye kitambaa, simwagi ubaoni, maana ikichuruzika hadi ukingoni huingia kwenye mbao za ndani. Nalaza kitambaa juu ya neno, nahesabu polepole hadi 20, kisha nafuta kutoka nje kwenda katikati ya neno. Baada ya kila mpanguso mmoja nageuza upande safi.

Huko kugeuza kitambaa ndiko watu wanakokuruka. Wino ulioyeyuka haujaondoka, umehama tu. Ukiendelea na upande uleule unaupaka upya kwa wembamba, na spiriti ikikauka unabaki na wingu la buluu ubao mzima. Wengi wanaolalamika kwamba ubao "umeingia ukungu" wamelitengeneza wingu hilo wenyewe kwa kitambaa kimoja. Dawa yake ni kurudia kwa vitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mwishoni nilipitisha maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikasuuza kwa maji matupu na kukausha. Kama badala ya spiriti umetumia sanitaiza ya jeli, usiruke hatua hii. Jeli inafanya kazi vizuri kwa sababu haichuruziki, ila huacha utando ambao wino mpya utanasa juu yake.

"Andika juu yake kwa kalamu ya ubao, kisha futa"

Hii ni kweli, lakini ina mipaka. Wino mbichi wa kalamu ya ubao unaleta spiriti mpya inayolainisha wino wa zamani, na ule utelezi wake unausaidia kuachia. Funika neno lote, futa papo hapo wino ukiwa bado unang'aa kwa ubichi, rudia mara mbili au tatu. Kwa neno moja au mstari mmoja sijaona njia rahisi kuliko hii. Kwa ratiba nzima utamaliza kalamu bure, na kwenye ubao uliochakaa unaweza kuongeza kivuli cheusi juu ya kivuli cha buluu.

"Dawa ya meno, unga wa kusugulia au sponji jeupe la ajabu litamaliza kazi"

Litamaliza, na hapo ndipo penye hasara. Vitu hivi haviyeyushi wino, vinakwaruza. Sponji jeupe lile huonekana laini mkononi, lakini povu lake ni gumu na hufanya kazi kama msasa mwembamba sana. Wino unatoka pamoja na ule mng'ao uliokuwa ukiuzuia wino usizame. Siku hiyo ubao unapendeza. Baada ya siku chache za kuandika na kufuta, pale uliposugua panakuwa kijivu, na hata kalamu ya kawaida inaacha kivuli, kwa sababu unga wa rangi umejaa ndani ya mikwaruzo ambayo dasta haifiki.

Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ina hatari ya namna nyingine: kwenye ubao uliopakwa rangi inaweza kuyeyusha rangi yenyewe. Ubao wa kioo, au wa chuma chenye enameli, unaivumilia. Sumaku ikishika unajua ndani kuna chuma, lakini haikuambii kama juu ni enameli au rangi tu. Kama huna uhakika, baki na spiriti.

"Kivuli kikibaki, hujasugua vya kutosha"

Hapa ningependa kila anayeshika kitambaa asimame kwanza, kwa sababu kivuli kina aina mbili na hazitibiwi sawa. Chukua kitambaa cheupe kipya chenye spiriti, kibonyeze juu ya kivuli, hesabu hadi 20, pangusa mara moja, kitazame. Kikiwa na rangi, wino bado upo juu na utatoka. Kikiwa cheupe na kivuli kiko palepale, kilichobaki kimezama ubaoni. Washa tochi ukiiegemeza karibu na ubao ili mwanga upite kwa ubavu: sehemu isiyochakaa huakisi mwanga kama maji yaliyotulia, sehemu iliyochakaa hufifia na kuonyesha mistari myembamba. Hapo nguvu ya mkono inazidisha uharibifu. Kupaka mafuta kunaficha kivuli kwa muda, kisha utando wake unakusanya vumbi na kalamu inagoma kuandika. Kinachosaidia kweli ni kubandika karatasi ya plastiki ya kuandikia juu ya eneo hilo, au kubadilisha ubao.

"Ubao wa chaki husafishwa vilevile"

Hapana. Ukungu mweupe wa ubao wa chaki kwa kawaida ni chaki yenyewe: kitambaa chenye maji machafu kinageuza vumbi kuwa uji mwepesi, nao unakauka ukiwa utando. Toa vumbi lote kwa dasta kavu kwanza, pangusa kwa maji safi bila sabuni, badilisha maji yakishakuwa meupe, acha ubao ukauke kabisa kabla ya kuandika. Kisha laza kipande cha chaki ubavu, paka ubao mzima, na ufute kwa dasta kavu. Vumbi hilo linajaza vitundu vidogo vya ubao, ili maandishi ya kwanza yasizame na kuacha alama isiyotoka.

Maka ya kudumu kwenye ubao wa chaki uliopakwa rangi ni mtihani mgumu zaidi, maana uso wake hunywa wino. Jaribu spiriti kwanza kwenye kona isiyoonekana. Kitambaa kikitoka na weusi au ukijani wa ubao wenyewe, acha hapohapo: spiriti inakula rangi. Eneo hilo lilainishe kwa msasa mwembamba, futa vumbi, lipake rangi ya ubao wa chaki tabaka mbili, na usiandike kitu mpaka muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo utimie.